Jina la shangazi limeandikwa kwa rangi nyekundu

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Dar es Salaam. Mdogo wangu wa mwisho anaoa tarehe 12 Julai na kamati ya harusi imenichagua kuwa mweka hazina. Bajeti ni Sh18,000,000 kwa wageni 250. Kadi ya singo ni Sh70,000, dabo ni Sh120,000, na familia 60 zimechukua dabo. Ahadi zimefika Sh19,600,000 lakini mkononi zimeingia Sh11,200,000 tu. Michango yote inaingia kwenye laini yangu ya simu.

Ijumaa ya tarehe 30 Mei katibu wetu, ambaye ni binamu yangu, alituma kwenye grupu la harusi picha sita za kutelezesha. Zilipendeza kweli. Ya kwanza maharusi, ya pili bajeti, ya tatu viwango vya kadi, ya nne tarehe ya mwisho, 15 Juni, ya tano namba ya kulipia. Ya sita ilikuwa majina yetu wote, ahadi ya kila mtu, alicholipa na anachodaiwa. Aliyemaliza kawekewa kijani, mwenye deni nyekundu.

Shangazi yetu ni mkulima Singida. Ni dada wa marehemu baba, na baba alipofariki alitulea miaka minne. Aliahidi Sh200,000 akatuma Sh30,000. Jina lake likatokea la tatu kutoka juu, jekundu: DENI 170,000. Usiku ule ule akatoka kwenye grupu. Asubuhi akampigia mama na kumuuliza, "Na mimi nitaombwa kadi mlangoni?" Mama tangu siku hiyo hali vizuri. Mdogo wangu anasema orodha isitoke tena.

Mwenyekiti, ambaye ni baba yetu mdogo, hataki kusikia. Anasema ndani ya siku tatu baada ya orodha ziliingia Sh2,100,000, na kwamba uwazi haujui shangazi wala mjomba. Jumapili hii anataka orodha mpya, na takwimu natoa mimi.

Lipo na jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwezi wa nne mwanangu aliugua usiku, nikatoa Sh60,000 kwenye ile laini. Nilirudisha siku ya tatu. Kila nikiiona ile orodha nyekundu, moyo unanipiga.

Nitoe orodha, nikatae, au niache kazi hii?

Mweka Hazina, Dar es Salaam

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa mzigo huu, na pole kwa mama.

Nimekaa kwenye kamati nyingi, za harusi na za misiba, na mara mbili nimekuwa mweka hazina kama wewe. Kwa hiyo nimeisoma barua yako nikiwa na kalamu mkononi, nikipiga hesabu pembeni. Naomba tuanze na hesabu kabla ya kufika kwa shangazi, kwa sababu naona shangazi amebebeshwa deni ambalo sehemu yake kubwa si lake.

Chukua milioni 18, gawa kwa wageni 250. Unapata Sh72,000 kwa kila kichwa. Singo yenu ya Sh70,000 imekaribia kabisa kumlipia anayeingia nayo. Sasa angalia dabo. Watu wawili wanawagharimu Sh144,000, nanyi mmewatoza Sh120,000. Kila dabo inaacha pengo la Sh24,000, na kwa familia 60 hilo ni pengo la Sh1,440,000. Hakuna aliyekosea makusudi. Kamati nyingi hupunguza dabo ili wanandoa waje pamoja, na ni jambo zuri. Ila fedha hiyo lazima itoke mahali, na mara nyingi hutoka kwenye ahadi za ndugu wa damu, kwa kuwa wao ndio wanaotaja kiasi kikubwa kuliko bei ya kadi. Shangazi alipotamka laki mbili hakuwa ananunua kiti. Alikuwa anamshika mkono mtoto wa kaka yake. Halafu jina lake likawekwa kwenye safu moja na la mfanyakazi mwenzako anayedaiwa nusu ya singo, kwa rangi ile ile na neno lile lile, deni. Swali lake la kadi mlangoni mimi silioni kuwa ni hasira tupu. Amesoma picha ile jinsi ilivyoandikwa, na ilivyoandikwa inasema yeye ni mnunuzi ambaye hajamaliza kulipa.

Sasa nije kwa baba mdogo, kwa heshima zote, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Milioni mbili na laki moja kwa siku tatu ni fedha, na mwenyekiti ndiye atakayesimama mbele ya mpishi siku hiyo. Lakini orodha ilitoka tarehe 30. Waajiriwa wengi wanapata mshahara kati ya tarehe 23 na mwisho wa mwezi. Je, ni nyekundu iliyowasukuma, au ni mshahara? Jibu unalo wewe mwenyewe, na huhitaji kubishana na mtu. Fungua ujumbe wa miamala wa zile siku tatu, chukua picha ya sita, uweke alama kwa kila aliyetuma. Hesabu ni wangapi walikuwa kwenye nyekundu, na ni wangapi ambao jina lao halikuwemo kabisa au lilikuwa tayari la kijani na wameongeza. Halafu angalia siku tatu za mwisho wa Aprili, kabla orodha haijazaliwa, ziliingia ngapi. Ukikuta tofauti ni kubwa, baba mdogo ana haki ya kusema orodha inafanya kazi, na itabidi umkubalie hilo kabla ya kuzungumzia gharama yake. Ukikuta ni ndogo, utakuwa na kitu cha kumwonyesha kisichomvunjia heshima. Nenda nacho kwake nyumbani, usikipeleke kwenye grupu.

Kuna neno moja kwenye barua yako ambalo ningependa tulikalie kidogo, nalo ni uwazi. Zamani, na bado kwenye familia nyingi, katibu alikuwa na daftari la mistari. Kikao cha Jumapili kikifunguliwa, alisoma: fulani ahadi laki moja, katoa elfu sitini. Walisikia watu ishirini au thelathini waliokaa kwenye viti vya plastiki uani, na aliyetajwa alikuwepo kujibu, "Mwezi ujao, mwenyekiti," watu wakacheka, mambo yakaendelea. Daftari likafungwa likaingia kwenye mkoba. Picha haifungwi. Inahifadhiwa, inatumwa kwa asiyehusika, inawekwa kwenye stetasi. Wakwe zenu watarajiwa wanaweza kuwa wameshaiona. Na anayetajwa hayupo kujibu. Anaiona akiwa peke yake usiku, kama shangazi alivyoiona. Maneno ni yale yale ya daftari, ila mahali yanaposomwa pamebadilika, na nadhani hapo ndipo kamati nyingi za siku hizi zinapojikwaa bila kutaka.

Halafu jiulize jambo hili. Katika zile picha sita, ipo inayosema fedha zilizokusanywa ziko wapi sasa hivi? Umenitajia bajeti, viwango, tarehe, namba, na madeni ya watu. Sikusikia matumizi, wala salio. Kamati imefungua mifuko ya wachangaji wote, lakini mfuko wa kamati wenyewe haujafunguliwa. Ningekuwa mchangaji wa Sh70,000, kuliko kujua shangazi wa bwana harusi amebakiza ngapi, ningetaka kujua kwamba ukumbi umeshalipwa. Nikuandikie mfano, wenye tarakimu za kukisia pale ambapo hukunipa zako:

"Hadi Jumapili, 8 Juni. Zilizokusanywa: Sh11,200,000. Zilizolipwa: Sh5,400,000, malipo ya awali ya ukumbi, mpishi na mapambo, risiti zipo kwa katibu. Zilizopo: Sh5,800,000. Zinazohitajika ili kukamilisha: Sh6,800,000."

Mistari minne tu. Na mtu akiisoma, anajua pengo ni la wote. Ukitaka kuweka majina, yanaweza kufuata kama shukrani, kwa mpangilio wa alfabeti, bila kiasi. Hata hapo usidhani hakuna maumivu, maana ambaye jina lake halimo ataonekana kwa kutokuwemo. Baadhi ya kamati hupita njia nyingine, wanaandika idadi: wachangaji 96 wamekamilisha, 44 bado. Hilo halimgusi mtu yeyote, lakini pia halimsukumi mtu yeyote, na baba mdogo atakwambia hivyo. Itakubidi wewe na katibu mfanye kazi ya kumkumbusha kila mmoja pembeni. Watu 44 ni simu nyingi kwa mtu mwenye kazi na mtoto. Mkigawana, kila mjumbe akachukua watu watano anaowafahamu, inawezekana. Ukibebeshwa peke yako, utachoka wiki ya kwanza na lawama zitarudi kwako.

Hapa niongeze jambo dogo linalookoa sana. Kila anayetuma, mjibu siku hiyo hiyo kwa ujumbe wake mwenyewe: "Shangazi, nimepokea Sh30,000, namba ya stakabadhi 41, jumla yako ni Sh30,000. Asante sana." Mtu anajua hesabu yake bila kuisoma mbele za watu. Na siku ya ubishi, maana huwa haikosekani, ya "mimi nilituma kwa namba ya mume wangu", mna ushahidi pande zote mbili.

Kuhusu tarehe. Mmeandika 15 Juni. Imetoka wapi? Mara nyingi kamati hutaja tarehe ya mapema ili watu wachelewe mpaka tarehe ya kweli. Kisha inasogezwa, inasogezwa tena, na wachangaji wanajifunza kwamba ya kwanza haikuwa ya kweli. Tarehe ya kweli mnayo: ni siku mpishi anapotaka idadi kamili na salio lake. Wengi hutaka wiki moja kabla, yaani kwenu tarehe 5 Julai. Mwulize, kisha uandike sababu pembeni ya tarehe, "5 Julai tunampa mpishi idadi ya sahani." Mtu akijua nini kinatokea siku hiyo, anaiheshimu.

Na kuna sababu nyingine ya kuitazama tarehe hiyo upya. Ninyi wa Dar mmepanga kwa kalenda ya mshahara. Shangazi ni mkulima Singida, na Singida ni nchi ya alizeti. Alizeti huko inavunwa kuanzia Mei kuelekea Julai, kisha inakauka, inapigwa, ndipo inauzwa. Mwenye kuuza haraka mwanzo wa mavuno huuza kwa bei ya chini, kwa sababu kila mtu anauza. Sijui shangazi analima nini hasa, wewe unajua. Lakini kama ni alizeti, basi alipoahidi laki mbili huenda alikuwa anaitazama mimea ikiwa imesimama shambani, na picha ya sita ikamdai kabla haijakatwa. Kabla hujaandika neno "deni" tena mbele ya jina lolote, ingefaa mjue nani kwenye orodha anaishi kwa mshahara, nani kwa mavuno, nani kwa biashara ya kila siku. Wa mwisho hawa wanaweza kupunguza elfu tano kila wiki na wasiumie. Ukiwadai kwa mkupuo, hawana.

Umeniuliza kama utoe, ukatae au uache. Sitakuchagulia, maana wewe ndiye utakayekaa na hao watu baada ya tarehe 12 Julai. Nikuonyeshe tu ninavyoona kila njia inakokwenda.

Ukitoa orodha kama ilivyo, utakuwa umemtii mwenyekiti na huenda fedha zikaongezeka. Lakini safari hii shangazi hayumo kwenye grupu, na mtu atampelekea picha hiyo, uwe na uhakika. Akiiona mara ya pili atajua haikuwa bahati mbaya. Na shangazi kwenye harusi si mgeni wa kawaida. Katika familia nyingi zetu yeye ndiye mwenye sauti kwenye posa na kwenye kumkabidhi kijana. Kiti chake kikiwa wazi siku ile, watu watauliza, na jibu litabaki kwenye familia muda mrefu kuliko picha za mnato.

Ukikataa hadharani, kwenye kikao, utamlinda shangazi lakini unamweka baba mdogo mahali pabaya, na yeye naye ni ndugu wa shangazi tumbo moja. Kumbuka hilo. Sidhani kama alikusudia kumwaibisha dada yake. Inawezekana hata hajui kwamba alitoka kwenye grupu kwa ajili ya orodha. Wanaume wa rika lake huona tu "fulani ametoka" na kupita. Mazungumzo ya wawili, mkiwa na chai mezani, yanaweza kuleta kile ambacho kikao kizima kitakizuia. Kumpelekea njia ya katikati kunaweza kusaidia: kwamba orodha yenye kiasi isomwe kwenye kikao tu, kutoka kwenye daftari, na kwenye grupu itoke ile mistari minne. Anaweza kukubali, anaweza kukataa. Akikataa, bado unaweza kumwomba ndugu wakubwa wasiwemo kwenye orodha ya kadi, kwa sababu hawanunui kadi.

Ipo pia njia ya kupunguza pengo badala ya kuwafukuzia watu. Mwulize katibu chakula na vinywaji vimekadiriwa kiasi gani kwa kichwa. Tuseme ni Sh37,000. Hiyo ndiyo gharama inayopungua mtu mmoja akipungua, kwa sababu ukumbi na muziki bei ni ile ile hata wakija wachache. Mkishuka kutoka wageni 250 hadi 210, mnaokoa Sh1,480,000. Shangazi wangehitajika wanane na zaidi, kila mmoja na deni lake la Sh170,000, kufikia fedha hiyo. Ubaya wake ni kwamba kadi zikishagawiwa huwezi kumnyang'anya mtu, kwa hiyo kama bado hamjagawa, hii ni mada ya kikao kijacho na isivuke hapo. Na atakayeachwa naye ana hisia zake.

Nije kwa lile la Sh60,000.

Mtoto aliugua usiku, fedha ilikuwepo mkononi, ukairudisha. Naelewa, na wala sikuoni mwizi. Lakini nadhani ndilo linalokunyima usingizi kuliko la shangazi, na ndilo linalofanya rangi nyekundu ikuchome. Ulikuwa na deni siku tatu na hakuna aliyekuandika. Tatizo, kama ninavyoliona, linaanzia kwenye laini. Michango imechanganyika na fedha yako ya vocha, ya sokoni, ya ada. Siku mtu akiomba taarifa ya miamala ya laini hiyo, na ana haki ya kuomba, ile Sh60,000 itaonekana imetoka bila risiti ya ukumbi wala mpishi. Ukiwa umeshasema mwenyewe, ni habari ya mama na mtoto mgonjwa. Ikigunduliwa na binamu, ni habari nyingine kabisa.

Kusema kuna hatari yake. Baba mdogo anaweza kukasirika, anaweza kumwambia mkewe, na kesho ikawa kwenye simu za watu. Kwa hiyo chagua wa kumwambia na namna. Wengine humwambia mwenyekiti pamoja na mzee mmoja anayetunza siri, akiwa na simu mkononi na muamala wa kutoa na wa kurudisha vikionekana. Wengine hunyamaza na kujenga utaratibu ambao hautaruhusu tena. Kunyamaza ni kwepesi leo, na huenda kusiwe na gharama yoyote. Wewe ndiye unayejua kama moyo wako utatulia ukinyamaza. Ulichoniandikia hakisomeki kama moyo uliotulia.

Kuhusu kuhamisha fedha kutoka kwenye laini yako, njia zipo. Akaunti ya kikundi benki yenye watia saini zaidi ya mmoja ndiyo salama kuliko zote, lakini inataka muhtasari wa kikao, vitambulisho na siku kadhaa. Zipo huduma za vikundi kwenye simu kama M-Koba, ambapo wanakikundi wanaarifiwa fedha ikiingia na kutoka, na kutoa kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Au laini mpya, ya harusi tu, ambayo simu yake anakaa nayo mtu mmoja na namba ya siri anaijua mwingine.

Ila uwe mwangalifu na jambo moja. Mkibadili namba wakati zimebaki wiki nne, zitakuwa zinazunguka picha mbili zenye namba mbili. Sote tunaujua ule ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii." Mchangaji wa Mwanza akiletewa picha mpya yenye namba mpya, atajuaje si tapeli amebandika yake? Kwa hiyo mkibadili, mwenyekiti atangaze kwa sauti yake kwenye grupu, picha ya zamani ifutwe, laini ya zamani isizimwe mpaka harusi ipite, na picha mpya iandike jina kamili litakalojitokeza kwenye simu ya mtumaji kabla hajaweka namba ya siri, pamoja na maneno "jina likiwa tofauti na hili, usitume." Muandike pia kama mchangaji anatakiwa kuweka na ya kutolea au la. Hilo dogo linazua maneno mengi, maana mwenye kutuma elfu sabini kamili anajiona amemaliza, na wewe ukitoa unapata pungufu na huna pa kuliandika. Inawezekana pia mkaona wiki nne ni chache mno kwa mabadiliko yote haya, mkabaki na laini yako. Basi hamisha fedha zako binafsi zitoke humo, uache michango peke yake, na kila Jumapili katibu aone salio kwa macho yake na kusaini daftari.

Na kama utaamua kuacha, sitakulaumu. Lakini mweka hazina anayeondoka katikati, fedha zikiwa kwenye simu yake, husemwa kabla hajafika nyumbani. Ukiacha, kabidhi mbele ya watu watatu, salio likionekana, risiti zikihesabiwa, wote mkiweka saini kwenye karatasi mbili na moja ubaki nayo.

Shangazi nimemwacha mwisho kwa sababu yeye hahitaji hesabu. Kuna wanaopendekeza umrudishe kwenye grupu na kumwomba radhi humo humo, kwa kuwa aliaibishwa humo humo. Mimi nasita. Watu 140 watasoma, nusu yao hawakuiona ile orodha na wataitafuta. Kuna wanaopendekeza mtu amlipie kimyakimya ile Sh170,000 na jina ligeuke kijani. Hapo nasita zaidi, maana akijua, na atajua, itakuwa kama mmemwambia hana uwezo. Njia niliyoiona ikifaa mahali pengine ni kuibadili ahadi kuwa kitu alichonacho. Kama anakamua alizeti, ndoo mbili za mafuta ni mchango ambao mpishi anaweza kuukata kwenye bei yake. Lakini mwulize mpishi kwanza. Nimewahi kuona mafuta ya bibi mmoja yaliyosafirishwa kwa basi usiku kucha yakakaa stoo mpaka harusi ikaisha, kwa sababu mpishi alikuwa ameshanunua yake, na bibi akayakuta pale pale siku ya kuondoka.

Ni nani apige simu, hilo mnalijua ninyi. Baba mdogo akipiga yeye, kama kaka, uzito wake ni tofauti na wako. Kama hatapiga, piga wewe, jioni akisharudi shambani na kuoga, na usianze na harusi. Mwulize mavuno yakoje mwaka huu.